Ripoti Isiyo na Mchoro Hata Mmoja

Mara ya kwanza nilipopewa ripoti ya awali ya usanifu wa barabara, niliifungua nikitafuta michoro. Haukuwamo hata mmoja. Palikuwa na ramani ndogo, picha za madimbwi, majedwali ya majina ya watu na chati yenye mistari mirefu ya rangi. Nikajiuliza mwajiri analipia nini.

Ripoti ya awali ni andiko la kwanza ambalo mhandisi mshauri humpelekea mwajiri baada ya mkataba kusainiwa, aghalabu wiki nne hadi sita tangu kazi ianze. Jina hilo huwachanganya watu, kwa kuwa kuna pia usanifu wa awali, ambao huja miezi kadhaa baadaye na huo kweli una michoro. Baadhi ya ofisi hukwepa utata huo kwa kuiita insepsheni tu. Humo mshauri hueleza ameielewaje kazi, ataifanya kwa njia gani, kwa watu gani na kwa ratiba ipi.

Lakini si aliyasema hayo alipoomba zabuni? Aliyasema. Tatizo ni kwamba zabuni huandikwa na mtu anayetaka kushinda, naye huenda ameipita barabara mara moja tu, vioo vya gari vikiwa vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Ripoti ya awali huandikwa na mtu huyohuyo akiwa ameshashinda, ameshatembea njia nzima na ameshasikia wanakijiji wanasema nini. Mimi huziweka karatasi hizo mbili pamoja na kutafuta palipobadilika. Nisipopaona, huwa najua kuna mtu hakwenda saiti.

Tuchukue mfano. Barabara yenyewe ni ya kubuni, ila kila kitu ndani yake ni cha kawaida. Iko mkoani Simiyu, ni barabara ya mkoa ya changarawe, na inatakiwa ipandishwe hadi kiwango cha lami. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi yaliyoandaliwa na mwajiri, zinasema ina kilomita 60 na madaraja matatu, na usanifu wa kina uishe ndani ya miezi kumi. Kazi inaanza Novemba.

Timu inakwenda, na kipimo cha gari kinaonyesha kilomita 64. Hakuna aliyedanganya. Urefu ulichukuliwa kwenye nyaraka za zamani, na tangu hapo njia imezungushwa ili ipite kwenye stendi mpya. Kilomita nne zaonekana kitu kidogo, lakini zinahitaji kupimwa, kuchimbwa mashimo ya udongo na kutathminiwa mazingira kama zile nyingine. Mshauri anayeandika "tumekuta 64, tunaomba mwajiri athibitishe" anazua mjadala wa wiki moja. Anayenyamaza ana njia mbili: adai nyongeza ya fedha mwezi wa nane, au apunguze mashimo kimyakimya ili bajeti itoshe. Hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu haionekani mpaka lami ianze kupasuka.

Mbele kidogo kuna drifti, kivuko cha zege ambacho maji hupita juu yake. Hadidu za rejea hazikuihesabu kuwa daraja. Wazee wa hapo wanaonyesha shina la mkwaju lenye alama ya tope inayomfika mtu mzima kifuani, na wanasema magari hulala hapo siku mbili mvua ikizidi. Mhandisi wa maji anarudi ofisini, anachora mpaka wa bonde linalomwaga maji kwenye kivuko hicho na kupata kilomita za mraba 310. Namba hiyo inavuruga zabuni yake mwenyewe. Alikuwa ameahidi kukadiria mafuriko yote kwa kanuni ya Afrika Mashariki, iliyotungwa miaka ya 1970 kutokana na vipimo vya mabonde madogo ya Kenya na Uganda, nayo haikukusudiwa kwa mabonde yanayozidi kilomita za mraba 200. Kwa hiyo hapa inabidi atumie njia nyingine, tena ailinganishe na ile alama ya mkwajuni. Na kama jibu ni daraja la nne, patahitajika kutoboa ardhi ili kujua msingi utakaa juu ya nini, na gharama ya kutoboa haimo kwenye mkataba. Mambo haya yote yanapaswa kuandikwa kwenye ripoti ya awali, kwa namba zake.

Sehemu ya mbinu ndiyo ambayo wasomaji wengi huiruka, nami nawaelewa. Mara nyingi imenakiliwa kutoka kazi iliyopita, na nimewahi kukuta jina la mkoa mwingine katikati ya aya. Hata hivyo humo ndimo hesabu za kweli hujificha. Simiyu ina udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Barabara ikijengwa juu yake bila tahadhari, kingo hushuka na lami hufunguka kwa urefu. Kwa hiyo mshauri ameahidi mashimo mawili kila kilomita, na kila shimo litoe sampuli moja ya kupimwa kwa CBR.

Kipimo hicho hueleza udongo una nguvu kiasi gani ukiwa umelowa. Udongo hushindiliwa ndani ya kopo zito la chuma ambalo mafundi huliita moldi, ukazamishwa majini siku nne, kisha ukasukumwa kwa chuma ili kuona unavyokinza. Kwa jibu hilo ndipo udongo huwekwa kwenye madaraja ya mwongozo wa Tanzania wa mwaka 1999, kuanzia S3 ulio dhaifu, kupitia S7, hadi S15. Na sampuli moja hutumia moldi tatu, kila moja ikishindiliwa kwa nguvu tofauti.

Sasa tupige hesabu. Kilomita 64 kwa mashimo mawili ni sampuli 128. Kila sampuli ikitumia moldi tatu, tunapata moldi 384. Maabara iliyotajwa ina moldi 24, hivyo itajazwa mara 16. Ukijumlisha siku ya kushindilia, siku nne za majini na siku ya kupima, kila mzunguko unakula karibu wiki nzima. Hizo ni wiki 16. Ratiba ya ripoti hiyohiyo imeipa maabara wiki sita.

Hapa hakuna anayehitaji kuwa mhandisi ili aone kasoro. Ukisoma mbinu ukurasa wa 18 na ratiba ukurasa wa 37 bila kuzikutanisha, kila moja inapendeza. Mshauri makini huona pengo hilo kabla ya mwajiri, na dawa anayo. Anaweza kuzipima sampuli zote kwa vipimo vyepesi kwanza, vya chembe na vya unyevu, akazipanga kwa makundi ya udongo unaofanana, kisha CBR akaifanya kwa wawakilishi wa kila kundi. Ama aajiri maabara ya pili. Kipi amechagua ni lazima kiandikwe, maana chaguo la kwanza linapunguza idadi ya vipimo alivyoahidi, na la pili linaongeza gharama.

Ratiba ya maabara ikisogea, ratiba ya watu nayo husogea. Katika chati ya timu, mtaalamu wa udongo na nyenzo amewekwa mwezi wa pili na wa tatu, kisha anatoweka. Majibu ya maabara yatafika mwezi wa tano. Nani atayasoma? Kasoro hii ni ya kawaida kuliko unavyodhani, na sababu yake si uzembe kila mara. Mtaalamu mzuri hugombewa, na jina lake laweza kuwa kwenye kazi tatu kwa mpigo. Ndiyo maana mwajiri hutazama miezi ya kila mtu mmoja mmoja, na ndiyo maana kubadilisha mtaalamu aliyetajwa kwenye zabuni huhitaji kibali chake, kwa mtu mwenye sifa zinazolingana au zaidi. Jina jipya likiingizwa kwenye jedwali bila barua, hilo ni swali la kwanza la kikao.

Kisha kuna pamba. Mshauri amepanga kuhesabu magari kwa siku saba mwezi Desemba. Simiyu pamba huanza kununuliwa Mei, kwa hiyo Desemba atahesabu bodaboda, hiasi na mabasi, na malori ya pamba hatayaona. Kosa hilo ni kubwa kwa sababu uharibifu wa barabara hauongezeki sawasawa na uzito. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, yalionyesha kwamba ekseli yenye uzito maradufu huumiza barabara takriban mara 16. Bodaboda elfu moja ni kama hazikupita. Lori moja lililojaa marobota lina hesabu yake.

Kuhesabu tena Juni kunawezekana, lakini unene wa tabaka za barabara umepangwa kukokotolewa Machi. Njia ya kati ni kwenda kwenye vyama vya ushirika na viwanda vya kuchambua pamba na kuomba tani za msimu uliopita. Kama tani 9,000 hupita njia hii na lori hubeba tani 10, hizo ni safari 900 za kuongezwa kwenye hesabu ya Desemba, na Juni mtu mmoja akae barabarani siku chache kuhakiki tu.

Nyumba zilizo kandokando nazo zinaingia hapa mapema. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Zamani ilikuwa 45. Katikati ikisogezwa mita kumi ili kukwepa mbuga, kuna ukuta wa mtu utakaoingia ndani. Tofauti kati ya aliyeifuata barabara na aliyefuatwa na barabara ndiyo tofauti ya kulipwa fidia au kubomolewa bure. Mpima anatakiwa kuziorodhesha nyumba hizo pamoja na njia mbadala zote, asisubiri mstari mmoja uchaguliwe kwanza.

Kikao cha kujadili ripoti kilichukua asubuhi nzima. Mwajiri alikubali kilomita 64, akakataa kwa sasa kulipia utobozi wa daraja la nne mpaka aone hesabu ya maji, na akaagiza makundi ya udongo yaonyeshwe kwenye ramani kabla ya kupunguza CBR hata moja. Mtaalamu wa nyenzo alihamishiwa mwezi wa tano na wa sita. Hayo yote yaliandikwa kwenye muhtasari uliosainiwa na pande mbili, ukabandikwa mwisho wa ripoti kama kiambatisho. Jumatatu yake gari la mashimo lilitoka, likiwa na sururu, ndoo na mifuko 130 ya sampuli, miwili ya akiba.