Kuku wa nyama: faida hupatikana au hupotea wiki ya tano

Mtu anayeanza kufuga kuku wa nyama huanza kwa hesabu moja: kifaranga ananunuliwa kwa bei fulani, kuku anauzwa kwa bei fulani, basi tofauti ndiyo faida. Hesabu hiyo inaacha nje kitu kinachokula pesa kuliko vyote, yaani chakula, na inaacha nje siku ambazo kuku anaendelea kula baada ya kufikia uzito wa kuuzwa. Mfugaji mdogo mara nyingi hupata hasara humo, hata kama kuku wake wamenenepa na wanapendeza.

Tuchukue mfano wa mfugaji wa pembezoni mwa Dar es Salaam, tuseme Chanika, anayeingiza vifaranga 200. Bei hubadilika kwa msimu na mahali, kwa hiyo tutumie bei za mfano, na msomaji aweke za kwake. Kifaranga mmoja ni shilingi 1,600, mfuko wa chakula wa kilo 50 ni shilingi 70,000, na mchuuzi ananunua kuku kwa shilingi 8,000.

Vifaranga pekee ni shilingi 320,000. Kuku wa nyama akitunzwa vizuri hula takriban kilo 3.4 mpaka siku ya 35, naye hufikia kilo 1.9 hivi. Tuhesabu kwamba kati ya 200 watakufa 10, yaani asilimia 5, kiwango ambacho mfugaji makini anapaswa kukitarajia. Kuku 190 watahitaji mifuko 13, ambayo ni shilingi 910,000. Chanjo na dawa, mkaa wa kupashia joto, maranda, maji na usafiri, tuviwekee shilingi 150,000 kwa pamoja. Jumla ni shilingi 1,380,000, na karibu theluthi mbili yake ni chakula.

Kuku 190 kwa shilingi 8,000 wanaleta 1,520,000. Faida ni shilingi 140,000, na bado hajajilipa jasho lake wala kurudisha gharama ya banda. Kila kuku aliyeuzwa amegharimu karibu shilingi 7,260. Namba hiyo ndiyo ya kuandika ukutani kabla mchuuzi hajapiga simu, kwa sababu bei yoyote iliyo chini yake ni hasara. Mfuko ukipanda kutoka 70,000 hadi 80,000, shilingi 130,000 zinaondoka, na faida inabaki 10,000.

Sasa vifo. Kifaranga anayekufa siku ya tatu hajala karibu chochote. Mfugaji amepoteza mauzo ya shilingi 8,000, lakini ameokoa chakula cha takriban shilingi 4,700 ambacho kingeliwa, hivyo pengo halisi ni kama 3,300. Kuku anayekufa siku ya 34 amekwishakula karibu chakula chake chote, na pengo linakaribia shilingi 8,000 kamili. Kwa hesabu hii, kuku 18 wakifa wiki ya mwisho, faida ya mzunguko mzima imekwisha.

Ndiyo maana asilimia ya vifo peke yake haitoshi. Mfugaji anahitaji kuandika wamekufa wangapi na siku ya ngapi. Vifo vingi vya siku saba za kwanza kwa kawaida huelekeza kwenye joto, maji, au ubora wa vifaranga wenyewe. Vifaranga wenyewe huonyesha tatizo mapema: wakirundikana chini ya jiko, wanaona baridi, wakikimbilia ukutani huku midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika sawasawa chumba kizima, wakila na kunywa, hali ni nzuri. Usiku wa kwanza mfugaji mzoefu hushika vifaranga kadhaa na kuwapapasa gole, kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Likiwa limejaa na ni laini, wameshaona chakula na maji. Likiwa tupu, kuna vyombo ambavyo havijafikiwa.

Vifo vya kuanzia wiki ya tatu ni jambo jingine. Hapo ndipo Gumboro na kuhara damu hushambulia zaidi, na mdondo unaweza kuingia wakati wowote. Wafugaji wengi hutoa chanjo ya mdondo karibu siku ya 7, ya Gumboro karibu siku ya 14, kisha hurudia mdondo siku ya 21, ingawa ratiba ya eneo husika ni ya kupangwa na daktari wa mifugo. Chanjo ya maji huharibika upesi ikichanganywa na maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, au ikikaa juani. Kuhara damu hustawi kwenye maranda yenye unyevu. Njia rahisi ya kupima ni kuyakamata kiganjani na kuyafinya: yakibaki donge baada ya kuachiwa, yamelowa na yanahitaji kubadilishwa, hasa chini ya vyombo vya maji.

Hata banda lisipopata ugonjwa, pesa inaweza kuvuja kwa kusubiri. Kuku wa wiki ya sita hula kama gramu 170 kwa siku. Kuku 190 wanamaliza kilo 32 hivi, yaani karibu shilingi 45,000 kila siku. Mchuuzi akiahidi kuja Jumatatu akafika Alhamisi, shilingi 135,000 zimeliwa. Uzito umeongezeka, ndiyo, lakini kama analipa kwa kichwa, bei ni ile ile ya 8,000. Siku tatu zimekula faida karibu yote.

Kama anauza kwa kilo, mambo hugeuka. Kuku huongeza gramu 85 hivi kwa siku, na kwa bei ya shilingi 4,200 kwa kilo, nyama hiyo inazidi gharama ya chakula chake, mradi soko liwe linataka kuku wakubwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mnunuzi, awe muuza chipsi, hoteli au mchuuzi wa soko la Kisutu, ni kama analipa kwa kichwa au kwa kilo, na anataka uzito gani. Swali hilo huulizwa kabla ya kuagiza vifaranga, na tarehe ya kuchukua hukubaliwa mapema.

Kuna mtego mwingine ambao huwakuta hata waliopiga hesabu vizuri. Mifuko 13 haigawanyiki sawa kwa wiki. Wiki tatu za kwanza kuku hawa hutumia kama mifuko 4. Wiki mbili za mwisho hutumia takriban 9. Mtu aliyeona mfuko mmoja ukitosha siku nyingi hudhani pesa aliyobakiza itamvusha, kisha wiki ya nne inamkuta mikono mitupu. Akipunguza chakula wakati huo, kuku hudumaa, na mnunuzi aliyekubaliana juu ya kuku wa kilo 1.9 anawakataa au anashusha bei. Kwa hiyo fedha ya mifuko hiyo 9, shilingi 630,000 kwa bei ya mfano wetu, inapaswa kuwepo siku vifaranga wanapoingia bandani.

Mzunguko wa wiki tano, ukiongezwa wiki mbili za kusafisha na kupumzisha banda, unaruhusu mizunguko 7 kwa mwaka. Kwa faida ya 140,000, hiyo ni shilingi 980,000, ambazo humo zitatolewa gharama ya banda, vyombo, na mzunguko mmoja utakaokwenda vibaya.