Kazi Iliyojificha Kwenye Mpira wa Manati

Kijana wa jirani alikuja na manati yake mpya: panda ya mpera, mipira miwili iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, na kipande cha ngozi ya kiatu cha kushikia kokoto. Alikuwa na swali la shuleni. "Mjomba, mwalimu katuambia kazi ni kani mara umbali. Sasa hapa kani ni ipi? Mwanzo navuta kwa vidole viwili tu, mwisho mkono unatetemeka."

Swali hilo limeshika kiini cha jambo. Kanuni ya mwalimu ni sahihi pale kani inapobaki ileile mwanzo hadi mwisho. Ukiinua ndoo ya kilo 20 kutoka chini hadi kichwani, tuseme mita 1.5, uzito wa ndoo haubadiliki njiani. Ni nyutoni 196 chini na nyutoni 196 juu, kwa hiyo kazi ni 196 mara 1.5, yaani jouli 294. Lakini mpira hauna kani moja. Kila sentimeta unayovuta ina kani yake, na ukichagua yoyote kati ya hizo utakuwa umezidhulumu zile nyingine zote.

Tukaamua kupima. Panda tuliifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza nzito, tukatandaza tepu ya fundi cherehani sakafuni, na kwenye ile ngozi tukanasa ndoano ya mizani ya kuning'iniza, kama ile ya muuza samaki. Sifuri tuliiweka pale mipira iliponyooka bila kuvutwa. Jambo hili ni dogo lakini lina uzito wake, maana ukianzia mpira ukiwa umelegea utahesabu umbali ambao hakuna kani yoyote iliyofanya kazi. Kisha tukavuta sentimeta 5, tukahesabu mpaka tano kimoyomoyo, tukasoma. Kusubiri huko nako lazima kuwe sawa kila mara, kwa sababu mpira ukishikiliwa hulegea polepole na namba ya mizani hushuka huku unaitazama.

Kwenye sentimeta 5 mizani ilisoma kilo 1.2, na kwenye sentimeta 10 ikasoma 1.9. Tukaendelea kwa hatua zilezile za sentimeta 5: 2.3, 2.6, 2.9, 3.2, 3.6, na mwisho, kwenye sentimeta 40, kilo 4.2. Ukitaka nyutoni, zidisha kila namba kwa 9.8.

Zitazame namba hizo kabla ya kuchora chochote. Hatua ya kwanza iliongeza kilo 1.2 nzima. Katikati kila hatua iliongeza 0.3 tu. Mwishoni ongezeko likapanda tena hadi 0.6. Ndiyo maana kijana alisema mpira "unaanza ngumu, unalainika, halafu unakataa". Ule ukaidi wa mwisho unatokana na umbile la mpira wenyewe: ndani yake mna nyuzi ndefu mno zilizojikunjakunja, na zikikaribia kunyooka zote hakuna tena cha kukunjua.

Sasa tukachukua karatasi ya grafu. Umbali tuliuweka kwenye mhimili wa mlalo na kani kwenye mhimili wa wima, tukatia alama tisa na kuziunganisha kwa mstari laini. Ulipanda kwa kasi, ukalala kidogo, ukainuka tena.

Kwa nini eneo lililo chini ya mstari huo ndiyo kazi? Chukua kipande kimoja tu, kati ya sentimeta 20 na 25. Humo kani imetoka kilo 2.6 hadi 2.9, haijabadilika sana, kwa hiyo tunaweza kuichukulia kuwa 2.75, yaani nyutoni 27 hivi. Umbali ni mita 0.05. Kanuni ya mwalimu sasa inafanya kazi bila kumdhulumu mtu: 27 mara 0.05 ni jouli 1.35. Rudi kwenye mchoro uangalie ni nini tulichozidisha. Tumechukua kimo cha wastani cha kipande hicho tukakizidisha kwa upana wake. Hilo ni eneo la trapeza, umbo lililosimama kati ya mstari na mhimili wa chini. Fanya hivyo kwa vipande vyote vinane, ujumlishe. Sisi tulipata jouli 9.7.

Kinachonigusa kila mara katika hesabu hii ni tofauti ya vipande vyenyewe. Kipande cha kwanza, kutoka sifuri hadi sentimeta 5, kina jouli 0.3 tu. Cha mwisho, kutoka 35 hadi 40, kina 1.9. Upana ni uleule, lakini kazi ni zaidi ya mara sita. Anayekatisha mvuto sentimeta chache kabla ya mwisho amejinyima sehemu nono kuliko zote.

Asiyependa trapeza anaweza kuhesabu miraba. Kwenye karatasi yetu sentimeta moja ya mlalo ilisimama badala ya sentimeta 5 za kuvuta, na sentimeta moja ya wima badala ya nusu kilo. Kwa hiyo mraba mmoja ni mita 0.05 mara nyutoni 4.9, yaani jouli 0.245. Tulihesabu miraba 39 na nusu, vipande vilivyokatwa na mstari tukiviunganisha kwa kukadiria. Zidisha, utaipata tena 9.7. Wengi hukosea hapahapa: wanahesabu miraba vizuri kisha wanasahau kugeuza sentimeta kuwa mita, na jibu linatoka kubwa mara mia moja. Wengine huanza mhimili wa wima kwenye kilo 1 ili mchoro ujae vizuri karatasini. Mchoro unapendeza, lakini eneo lote lililo chini ya kilo 1 limekatwa na halimo kwenye hesabu.

Kijana alikuwa na njia ya mkato. Kazi ya springi, alisema, ni nusu ya kani ya mwisho mara umbali. Ni kweli kwa springi ya chuma, ambayo mstari wake hunyooka kama rula na eneo chini yake ni pembetatu. Kwa manati yetu pembetatu hiyo inatoa jouli 8.2. Jouli moja na nusu imepotea, kwa sababu mstari wa mpira umevimba juu ya ule wa rula. Hata trapeza zetu zina upungufu wa aina hiyo kwenye kipande cha kwanza, ambako mstari unapinda sana. Anayetaka usahihi zaidi asome mizani kila sentimeta moja pale mwanzo. Mbele hakuna haja.

Kisha tukarudi nyuma. Mpira ukiwa kwenye sentimeta 40 tuliuachia polepole, tukisoma kila hatua. Kwenye 35 haikuwa 3.6 tena, ilikuwa 3.2. Kwenye 20 ilikuwa 2.0 badala ya 2.6. Kijana alidhani mizani imeharibika. Tulirudia, mstari wa kurudi ukapita tena chini ya ule wa kwenda. Eneo chini yake lilikuwa miraba 32, yaani jouli 7.8. Mpira ulipokea 9.7 ukarudisha 7.8. Ile karibu jouli 1.9 iliyobaki ni eneo lililozingirwa kati ya mistari miwili, nayo imekuwa joto ndani ya mpira.

Umbo hilo la mistari miwili inayofunga eneo kati yake lina historia. Mwaka 1796 John Southern, aliyefanya kazi na James Watt kule Birmingham, aliweka penseli kwenye kifaa cha kupimia kani ya mvuke ndani ya silinda, na karatasi ikawa inasogea sambamba na pistoni. Injini yenyewe ikachora kani yake dhidi ya mwendo wake, kwenda na kurudi, ikafunga duara lililopotoka. Eneo la ndani ya duara hilo ndiyo kazi halisi iliyotoka kwenye silinda kwa kila mzunguko. Kampuni ilikificha kifaa hicho kama siri ya biashara kwa miaka mingi. Mchoro wetu ni wa jamii hiyohiyo, ila maana yake ni kinyume: kwa injini eneo la ndani ni faida, kwa mpira ni hasara.

Kuna jambo moja mchoro hauonyeshi, na ni haki lisionekane. Kijana alivuta mpaka mwisho akakaa hivyo dakika nzima, jasho likamtoka. Akauliza kama kazi imeongezeka. Haikuongezeka. Umbali haukubadilika, kwa hiyo kalamu haikusogea hata chembe kwenye mhimili wa mlalo. Misuli yake imetumia nishati kujishikilia, lakini mpira haukuongezewa hata jouli moja.

Ikabaki kujua kama hizo jouli 7.8 zinamfikia nani. Kokoto letu lilikuwa gramu 15. Kama lingezichukua zote lingeondoka kwa mita 32 kwa sekunde. Tulikwenda kwenye uwanja mtupu, mbele hakuna mtu wala mnyama, tukafyatua kwa mlalo kutoka kimo cha mita 1.25. Kutoka kimo hicho kitu hufika chini baada ya nusu sekunde hivi, kwa hiyo kokoto lingetua mita 16. Lilitua mita 12 kasoro, na la pili na la tatu karibu na hapo.

Jouli zilizopungua zilikwenda kwenye manati yenyewe. Mipira na ngozi navyo vinakimbia mbele pamoja na kokoto. Mipira yetu ilikuwa gramu 24, ila ncha yake ya pandani haisogei, na hesabu inatoa kwamba ni theluthi tu, gramu 8, inayobebwa kwa kasi kamili. Ngozi ni gramu 4. Jumla kazi yetu inasukuma gramu 27, si 15. Kasi inashuka hadi mita 24 kwa sekunde, na mahali pa kutua panakuwa mita 12, karibu kabisa na tepu. Ile nusu mita pungufu inaweza kuwa upepo, au mpira unaoachiwa ghafla kupoteza zaidi ya unaoachiwa polepole.

Basi tukatafuta jiwe la gramu 40. Kwa mvuto uleule lilianguka karibu zaidi, kwenye mita 9 hivi, na kijana akasikitika. Nilimwonyesha karatasini kwamba jiwe hilo zito limeondoka na jouli 6 kati ya zile 7.8, wakati kokoto lililoruka mbali liliondoka na 4.4 tu. Kazi iliyobaki ilikuwa ikitikisika kwenye mipira, na ndiyo ile aliyokuwa akiisikia kwenye panda kila akifyatua jiwe jepesi.