Elfu Tisa kwa Mwezi: Bei ya Pensheni ya Wawili

Mfanyakazi wa kampuni binafsi nchini Kenya aliyechangia mfuko wa pensheni hapewi akiba yake yote mkononi siku anayostaafu. Sheria inamruhusu kuchukua hadi thuluthi moja kwa mkupuo. Thuluthi mbili zinazobaki sharti zimpe kipato cha uzeeni, na njia iliyozoeleka ni kununua anuiti kwa kampuni ya bima ya maisha. Anaikabidhi kampuni fedha hizo mara moja, nayo inamlipa kila mwezi mpaka afe. Akifikisha miaka 95 bado inalipa. Akishatia saini na malipo kuanza, kwa kawaida hawezi tena kudai mtaji wake wala kubadili aina aliyoichagua.

Ndiyo maana karatasi ya makadirio anayoletewa wiki chache kabla ya kustaafu inastahili kusomwa na watu wawili. Ina safu mbili kuu. Moja ni ya anuiti ya maisha ya mtu mmoja, ambayo hukoma mstaafu anapokufa. Ya pili ni ya maisha ya wawili: mstaafu akitangulia, mwenzi wake anaendelea kulipwa kiasi kilekile, au nusu yake, au sehemu nyingine iliyoandikwa kwenye mkataba, mpaka naye afe. Safu ya kwanza huwa na tarakimu kubwa zaidi, na jicho hukimbilia huko.

Tuchukue mume wa miaka 60 na mke wa miaka 55. Akiba ya mume ni shilingi milioni 9. Amechukua milioni 3, zimebaki milioni 6 za kununulia anuiti. Nimepiga hesabu kwa riba ya asilimia 9 na makadirio ya kawaida ya umri wa kuishi. Kampuni halisi zitatofautiana kwa bei, lakini mpangilio wa tarakimu utabaki huu. Anuiti ya mume peke yake inatoa takriban shilingi 58,000 kwa mwezi. Ya wawili, mjane akibakiziwa nusu, inatoa 53,000. Ya wawili, mjane akilipwa yote bila kupunguziwa, inatoa 49,000.

Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ni elfu tisa. Kampuni haimwadhibu mtu kwa kuwa na mke. Imehesabu tu kwamba italipa kwa miaka mingi zaidi, maana sasa inasubiri kifo cha wa mwisho kati ya wawili, na huyo wa mwisho, mke akiwa mdogo kwa miaka mitano, pengine atakuwa yeye. Kama mke angekuwa na miaka 40, pengo lingepanuka. Kama wangekuwa rika moja, lingepungua.

Sasa mume afariki akiwa na miaka 70. Kwa miaka kumi familia imejinyima elfu tisa kila mwezi, jumla shilingi 1,080,000. Mjane ana miaka 65 na anaanza kupokea 49,000 zake. Katika mwezi wa 23 atakuwa amerudisha zote. Akiishi mpaka miaka 80, atakuwa amelipwa shilingi milioni 8 na laki 8 hivi. Kama mume angechagua ya mtu mmoja, malipo yangekoma, na mjane asingekuwa na cha kudai.

Hapa ndipo watu wengi hujibu, “Lakini ina dhamana ya miaka kumi.” Neno hilo limewapa wake wengi usingizi wasiostahili kuupata. Kipindi cha dhamana maana yake ni kwamba kampuni italipa kwa miaka hiyo hata mstaafu akifa mapema, na hakiongezi bei sana. Katika mfano wetu kingepunguza malipo kwa elfu moja au mbili. Lakini saa yake huanza kuhesabu siku anuiti inaponunuliwa, si siku ya msiba. Mume akifa baada ya miaka mitatu, mke atalipwa miaka saba iliyobaki, kisha basi, akiwa na miaka 65. Mume akifa mwaka wa kumi na moja, mke hapati hata mwezi mmoja. Dhamana inakinga kifo cha mapema cha mstaafu. Uzee mrefu wa mjane haiugusi kabisa. Unaweza kuvinunua vyote pamoja, na hilo lina maana kwa wenye watoto wadogo: wazazi wote wakifa mapema, miaka iliyosalia ya dhamana huenda kwa warithi walioandikwa.

Kuhusu nusu, mimi naiona ni ndogo kuliko inavyosikika. Mume akiondoka, chakula hupungua kidogo, lakini kodi ya nyumba, umeme, maji na karo ya mjukuu anayelelewa hapo havigawanyiki kwa mbili. Mjane anayebaki na 26,500 mahali palipokuwa na 53,000 ataihisi tofauti hiyo mwezi wa kwanza. Na anuiti isiyoongezeka huliwa pia na kupanda kwa bei: kwa mfumuko wa asilimia 5 kwa mwaka, shilingi 49,000 zitanunua, baada ya miaka 15, vitu ambavyo leo hununuliwa kwa 23,600 hivi. Kuna anuiti zinazopanda kila mwaka, ila huanzia chini zaidi.

Safu ya mtu mmoja si upumbavu kila mara. Mke mwenye pensheni yake nono, au mwenye nyumba za kupangisha kwa jina lake, huenda asihitaji kununuliwa miaka ya ziada. Mke anayeugua maradhi mazito naye ana uwezekano mdogo wa kubaki nyuma, na katika anuiti ya wawili, mke akitangulia, mume kwa kawaida hubaki na 49,000 zilezile. Hazipandi kurudi 58,000. Baadhi ya mikataba hata hupunguza malipo mmoja wao akifa, awe nani. Swali la kumuuliza wakala ni hili: mimi nikibaki, nitalipwa ngapi? Mwenzi naye aliulize swali hilohilo kwa nafsi yake, akiwepo mezani. Marekani, kwa sheria ya 1984, mwanachama wa mfuko wa pensheni aliyeoa au kuolewa hawezi kuikataa pensheni ya wawili bila mwenzi kukubali kwa maandishi, mbele ya mthibitishaji au mwakilishi wa mfuko. Ni utaratibu ambao familia yoyote inaweza kujiwekea bila kusubiri sheria.

Jambo la mwisho ni jina. Bei imekokotolewa kwa umri wa mtu fulani, kwa hiyo anayelindwa ni yule aliyeandikwa siku ya ununuzi. Mwanamume akifiwa na kuoa tena akiwa na miaka 66, mke mpya kwa kawaida hamo. Mwenye wake wawili akiandika mmoja, wa pili hana lake katika mkataba huo, hata kama ndoa zote zinatambuliwa na sheria, na ni afadhali ajue mapema ili apangiwe katika ile thuluthi ya mkupuo. Aliyeandikwa naye aweke nakala ya mkataba, cheti cha ndoa na kitambulisho pahali anapopajua, kwa sababu kifo kikitokea ni yeye atakayepaswa kuiarifu kampuni na kupeleka cheti cha kifo. Malipo yakiendelea kuingia katika akaunti ya marehemu bila kampuni kujua, yatadaiwa yarudishwe.