Duka Liko Sekunde ya Ngapi?

Mtu akikuelekeza duka Kariakoo, ni nadra akutajie namba ya nyumba. Atakwambia uingie Mtaa wa Kongo, uwapite wauza mashuka, ukishafika kwenye duka la vyombo basi linalofuata ndilo. Hajakupa hata mita moja, amekupa mfuatano tu, na unafika. Saraka ya maduka inayotengenezwa kwa video ya kutembea hufanya kazi kwa mantiki hiyohiyo. Unatembea na simu inarekodi, baadaye programu inasoma vibao vya maduka, na kila jina linabaki limefungwa kwenye sekunde lilipoonekana. Sekunde ndizo zinazokueleza duka gani liko kabla ya lipi.

Kabla sijaendelea, neno moja linahitaji kuwekwa sawa. Kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, fremu ni chumba cha duka anacholipia kodi. Kwa mtu wa video, fremu ni picha moja kati ya zile thelathini zinazopita kila sekunde. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambacho watu wawili walibishana robo saa juu ya “idadi ya fremu”, kumbe kila mmoja alikuwa mtaani kwake. Hapa nitasema picha kwa za video, na fremu nitawaachia wenye maduka.

Kazi huharibika au hutengenezeka wakati wa kurekodi. Tuseme unatembea taratibu, mita 1.2 kwa sekunde, na vibao viko mita 6 kutoka kwako. Ukiielekeza simu ubavuni, kamera ya kawaida itaona kama mita 8 za ukuta kwa wakati mmoja. Video yenye upana wa pikseli 1,920 itakupa basi pikseli zisizopungua 220 kwa kila mita, kwa hiyo herufi yenye kimo cha sentimita 10 itapata pikseli 22 au zaidi. Hiyo inasomeka. Herufi za sentimita 4, zile zinazoandikwa chini ya jina kueleza kinachouzwa, zitapata pikseli tisa, na hapo programu inaanza kubahatisha.

Adui wa pili ni mwendo wako mwenyewe. Jioni, mwanga ukipungua, simu huiacha kila picha ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi, labda sehemu moja ya 60 ya sekunde. Katika muda huo wewe umeshasogea sentimita 2, ambazo ni karibu unene wa mstari wa herufi yenyewe, kwa hiyo herufi inapakaa kama wino uliolowa. Mchana, kamera ikitumia sehemu moja ya 500, mpako huo unashuka hadi milimita mbili na kidogo, hauonekani. Lakini vibao vya taa za LED humezwa na kasi hiyo: taa zinawaka na kuzimika haraka kuliko jicho linavyoona, na picha ya ghafla inaweza kukuta nusu ya jina imezimika. Vibao vya namna hiyo huokolewa na wingi wa picha.

Video ikishapatikana, inakatwa. Picha mbili kwa sekunde zinatosha, kwa sababu kila kibao kitabaki mbele ya kamera kwa sekunde kadhaa:

```
mkdir -p picha
ffmpeg -i mtaa.mp4 -vf fps=2 -q:v 2 picha/%05d.jpg
```

Picha ya kwanza ni sekunde sifuri, kwa hiyo ukitoa moja kwenye namba ya picha na kugawanya kwa mbili unapata sekunde yake. Picha ya 455 ni sekunde ya 227, yaani 03:47. Amri hiyo hufuata muda ulioandikwa ndani ya video yenyewe, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Simu nyingi hudai kurekodi picha 30 kwa sekunde, lakini zikipata joto au giza zinapunguza kimyakimya. Mara ya kwanza niliandika programu yangu mwenyewe iliyohesabu picha na kugawanya kwa 30. Simu ilikuwa ikirekodi kwa wastani wa 29.6. Ndani ya dakika kumi tofauti hiyo ndogo inazaa sekunde 8, karibu mita 10 za mtaa, na pale ambapo duka lina upana wa mita 3 nilikuwa nimewahamisha wa mwishoni milango mitatu. Dalili yake ni kwamba mwanzo wa video kila kitu kinalingana, na kosa linakua kadiri unavyosogea mwishoni. Kosa la saa iliyowekwa vibaya huwa sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kosa la saa lenyewe nalo lipo, na kwetu lina mtego wake. Faili ya video huhifadhi muda kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Video ya saa tatu asubuhi itaonyesha 06:00, wakati simu ilikuwa inaonyesha 09:00, na mwenzako akiisoma sita hiyo kwa Kiswahili anaweza kuapa kwamba mlirekodi saa sita mchana. Zaidi ya hapo, baadhi ya simu huandika muda wa kumaliza kurekodi badala ya muda wa kuanza. Dawa ni nyepesi: kabla ya hatua ya kwanza, rekodi kwa sekunde mbili kioo cha simu nyingine yenye saa inayoonyesha sekunde.

Sasa kusoma. Programu za kusoma kurasa za vitabu, kama Tesseract, huchoka haraka mbele ya kibao kilichoinama chenye kivuli cha nguzo ya umeme. Zilizotengenezwa kwa maandishi ya mtaani, mfano PaddleOCR, kwanza hutafuta maandishi yako wapi kwenye picha, kisha huyasoma, kisha husema zina uhakika kiasi gani. Kiswahili kina bahati hapa, herufi zetu hazina vikorombwezo. Kinachosumbua ni programu inayojaribu kusahihisha maneno kwa kamusi ya Kiingereza. Izime.

Chukua kibao nilichokitunga kwa mfano, NEEMA VITAMBAA. Katika picha kumi na nne mfululizo programu inaweza kukupa NEEMA VITAMBAA mara nane, NEEMA V1TAMBAA mara tatu, EEMA VITAMB mara mbili mkokoteni ulipopita, na mara moja NEEMA VITAM8AA. Hayo yote ni duka moja. Unayakusanya kwa kuuliza ni herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au ziondolewe ili neno moja liwe jingine, kipimo alichokieleza Vladimir Levenshtein mwaka 1965, kisha usomaji uliorudiwa mara nyingi unashinda. Ila usikusanye kwa kufanana peke yake. Jina likionekana 03:47 na tena 07:10, huenda mwenye duka ana matawi mawili, na ukiyaunganisha umefuta moja. Masharti yawe mawili kwa pamoja, maandishi yafanane na muda uwe jirani.

Halafu linakuja swali lililonisumbua kuliko yote. Kibao kimeonekana kwa sekunde kadhaa, je, duka ni la sekunde ipi? Wengi huchukua ya kwanza, na ndipo mtaa unapopinduka. Mtu anayetembea huelekeza simu mbele kidogo, si ubavuni kabisa, kwa hiyo huona vitu kabla ya kuvifikia. Hoteli yenye kibao kikubwa inasomeka ukiwa bado mita 30, saa ya video 03:20, nawe utaipita 03:45. Katikati kuna fundi saa mwenye kibao cha kiganja, kinachosomeka mita 6 tu kabla, 03:31, na utampita 03:36. Ukipanga kwa usomaji wa kwanza, hoteli inatangulia. Ukitembea kwa miguu, fundi ndiye anayetangulia. Saraka ya namna hiyo humpa mwenye kibao kikubwa mlango wa mbele asioupanga.

Kwa hiyo chukua mwisho, pale kibao kinapotoka ukingoni mwa picha, kwa kuwa vibao vya ukuta mmoja hutoka kwenye ukingo huohuo katika umbali unaokaribiana. Ukingo wenyewe, kulia au kushoto, unakwambia pia upande wa mtaa. Vibao vilivyotokeza ukutani kama bendera ni vya kuangaliwa kwa jicho, kwa sababu husomeka kwa mbali tu na hupotea kabla ya wakati.

Si kila kinachosomeka ni jina. Mtaa mzima umejaa M-Pesa na Airtel Money, na kibao cha soda huandika jina la kinywaji kwa herufi kubwa huku la duka likiwa dogo pembeni. Weka orodha ya majina ya kampuni hizo na uyatoe kwenye safu ya jina, lakini usiyatupe, yaeleze tu kwamba hapo pana wakala. Orodha nayo huzeeka: Tigo Tanzania ilibadili jina kuwa Yas mwaka 2024, na kibao cha zamani kikibaki ukutani hakiwi ushahidi wa jina la leo.

Kuhusu mahali, GPS ya simu kati ya maghorofa huyumba mita kadhaa, upana wa maduka mawili au matatu. Njia panda ni nanga bora. Umevuka moja 02:10 na nyingine 03:30, na ramani inasema kati yake kuna mita 90. Kibao cha 02:47 kiko sekunde 37 kati ya 80, yaani kama mita 42 kutoka ya kwanza. Hesabu hii inadhani hukusimama. Ukisimama kununua maji, maduka yanayofuata kabla ya njia panda ya pili yanasukumwa mbele, kwa hiyo muda huo utoe kwenye hesabu.

Mstari wa saraka mwishoni unakuwa hivi:

```
upande,mwisho,jina,usomaji,hali
kulia,03:47,NEEMA VITAMBAA,8/14,sawa
kulia,03:53,,0/9,kimezibwa
```

Namba 8/14 ni picha zilizokubaliana kati ya zote. Chini ya nusu, mtu anafungua video sekunde hiyo na kutazama mwenyewe, kazi ya dakika chache kwa mtaa. Akiwa hapo aangalie pia nyuso za wapita njia: kama video itasambazwa zifichwe, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazigusa.

Mstari wa pili, usio na jina, usiufute. Programu iliona pana maandishi ikashindwa kuyasoma, kwa sababu turubai la machinga lilifunika sehemu kubwa. Mchana hutakisoma kibao hicho hata ukirudi mara tano. Nenda saa moja asubuhi, turubai halijafungwa. Milango itakuwa bado imeshushwa na hutajua nani yuko kazini, lakini kibao kitasomeka, nawe unajua ni kile kilichotoka ukingoni sekunde sita baada ya vitambaa.