Mwenye Nyumba Anaezua Paa, Kodi Yako Iko Mfukoni Mwake

Katika nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam, taarifa ya ukarabati hutolewa uani, kwa mdomo: "Jamani, mwezi ujao naezua bati, mtafute pa kujishikiza wiki tatu, nitawafikiria." Neno hilo la mwisho ndilo lenye utata, kwa sababu anayelisema tayari ameshika kodi ya miezi sita.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inabana kila upande. Mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti ana haki ya kukaa kwa utulivu bila kubughudhiwa na mwenye nyumba mpaka muda wake uishe. Naye mpangaji hawezi kumfungia mlango mwenye nyumba anayekuja kwa wakati unaofaa kukagua au kutengeneza. Kuingia kutengeneza, hata hivyo, si sawa na kumtoa mtu. Kumhamisha kabla ya muda wake, hata kwa wiki moja, kunahitaji ridhaa yake, na ridhaa hiyo ndiyo inayojadiliwa kwa fedha. Msitafute kiwango rasmi cha fidia kwa siku, ni mapatano.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mpangaji wa vyumba viwili Tandika analipa 200,000 kwa mwezi na amelipa 1,200,000 kuanzia Januari hadi Juni. Paa linabadilishwa kwa siku 21 za Aprili. Kodi ya siku moja ni kama 6,667, kwa hiyo siku 21 ni 140,000. Fedha hizo ni zake mwenyewe. Amelipia nyumba ambayo hatalala ndani yake. Kurudishiwa si fidia.

Fidia inahesabiwa juu ya hapo. Kirikuu cha kuhamisha vyombo, kwenda na kurudi, tuseme 60,000. Chumba cha muda ni ghali kuliko cha mkataba: kwa 10,000 kwa usiku, siku 21 ni 210,000, yaani 70,000 zaidi ya kodi aliyoizoea. Jumla, pamoja na ile kodi ya siku 21, anastahili kudai 270,000. Sasa mwenye nyumba akimpa 150,000 na kuiita fidia, ukitoa kodi iliyorudi utakuta amefidiwa 10,000 tu. Wengi hushukuru na kuondoka.

Mwenye nyumba asiye na fedha mkononi ana njia nyingine ya kurudisha ile kodi: kusogeza mwisho wa mkataba kutoka Juni 30 hadi Julai 21. Ni njia nzuri, mradi iandikwe. Ahadi ya "nitakupunguzia kodi ijayo" naiogopa, maana baada ya bati jipya kodi ijayo mara nyingi inakuwa imepanda, na punguzo linamezwa humo humo. Gharama za kirikuu na chumba cha muda hazisogezwi mbele. Zilipwe kabla vyombo havijatoka.

Anayechagua kubaki wakati kazi ikiendelea asihesabu vyumba peke yake. Kimoja kati ya viwili kikifungwa, nusu ya kodi ni mwanzo mzuri wa mazungumzo. Lakini choo pekee kikivunjwa, nyumba nzima haikaliki, hata kama vyumba vyote ni salama, mpaka mwenye nyumba aonyeshe choo kingine. Na bati likiezuliwa wakati wa masika, kubaki hakuna maana. Paa kuukuu likiwa la asbesto, watu wote watoke kabla halijaguswa, kwani vumbi lake lina nyuzi zinazodhuru mapafu.

Muda nao upimwe kwa kazi yenyewe. Kubadilisha bati kwenye kenchi nzima ni kazi ya siku chache; kenchi zikiwa zimeliwa na mchwa, ni zaidi. Zege la dari, lile la kubeba ghorofa, kwa kawaida huachiwa mirunda chini yake wiki mbili hadi tatu lishike nguvu. Anayekuahidi kulimwaga na kukurudisha ndani ya wiki moja ama hajazungumza na fundi, ama hana nia ya kukurudisha. Dalili nyingine ya kukosa nia hiyo ni kutaka funguo zote na mkataba wako wa zamani, huku tarehe ya kurudi haitajwi. Fundi aliyekuja kupima ni dalili njema.

Basi kabla ya kupakia godoro, pateni karatasi moja yenye sahihi zenu wawili na shahidi, ikiwezekana mjumbe wenu wa mtaa. Itaje tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi kwenye vyumba vile vile kwa kodi ile ile, fedha zilizolipwa, na malipo ya kila siku ya kuchelewa. Mkikosana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya litauliza karatasi hiyo kwanza.