Kusoma Dira ya Maji kwa Video Fupi: Tatizo la Tarakimu Zilizo Katikati ya Mzunguko

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna matumizi ya maji yanavyosomwa kutokana na video fupi ya uso wa dira yenye magurudumu ya tarakimu. Hoja yake ni kwamba kosa lenye gharama kubwa hutokea pale tarakimu mbili zinapoonekana kwa pamoja katika dirisha moja. Kwa hiyo, kila fremu ya video haina budi kusomwa kama namba nzima inayotii ufundi wa dira, kabla fremu hazijalinganishwa.

1. Uso wa dira na mwendo wake

Dira nyingi za majumbani zina magurudumu ya tarakimu nyeusi yanayohesabu mita za ujazo, na chini yake mishale midogo myekundu iliyoandikwa ×0.1, ×0.01, ×0.001 na ×0.0001. Mshale wa mwisho hukamilisha mzunguko mmoja kila lita moja inapopita.

Katika aina ya dira inayojadiliwa hapa, mishale na gurudumu la mamoja hugeuka polepole bila kusita kadiri maji yanavyopita. Gurudumu la makumi, kwa upande wake, hutulia muda wote, isipokuwa pale gurudumu la mamoja linapotoka 9 kwenda 0. Hapo ndipo linaposukumwa hatua moja. Kwa kuwa kipindi hicho ni sehemu moja ya kumi ya mzunguko wa mamoja, usomaji mmoja kati ya kila kumi, kwa wastani, hulikuta gurudumu la makumi likiwa katika mwendo. Hali hiyo basi ni sehemu ya kawaida ya kazi, wala haiwezi kuhesabiwa kuwa ajali ya nadra.

2. Mfano: dira inayoonyesha 419.58

Chukulia dira ambayo thamani yake halisi ni 419.58. Gurudumu la mamoja limekwisha kuvuka nusu ya njia kutoka 9 kwenda 0, na la makumi limefanya vivyo hivyo kutoka 1 kwenda 2. Msomaji, awe mtu au programu, anayeamua kila dirisha peke yake anaweza kupata majibu manne: 419, 420, 410 au 429. Jibu la pili linakosea kwa mita 1 ya ujazo tu, lakini mawili ya mwisho yanakosea kwa mita 9 na 10. Mwanya mdogo kati ya meno ya magurudumu, au mng'ao wa jua juu ya kioo, unatosha kuyafanya madirisha mawili yaelekee pande tofauti.

Mishale ndiyo inayoamua. Mshale wa ×0.1 uko kati ya 5 na 6, karibu zaidi na 6. Mshale wa ×0.01 uko kwenye 8. Kama wa kwanza ungekuwa umekwisha kuvuka 6, wa pili ungekuwa umekwisha kuvuka 0 na kuanza mzunguko mpya. Kwa kuwa haujafika huko, tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni 5. Kwa hiyo gurudumu la mamoja linapaswa kuwa limetembea karibu sehemu sita kati ya kumi kutoka tarakimu yake, jambo linaloafikiana na 9 inayoondoka na 0 inayoingia. Mamoja ni 9, na makumi, ambayo hayajamaliza hatua yake, ni 1. Kanuni ni moja: tarakimu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kila moja huthibitishwa na iliyo kulia kwake.

3. Kwa nini wingi wa fremu pekee hautoshi

Video ya sekunde 5 kwa fremu 30 kila sekunde hutoa fremu 150. Hata hivyo, hao si mashahidi 150. Mkono ukitulia, mng'ao uleule hufunika tarakimu ileile katika fremu zote. Faida ya video hupatikana simu inapoinamishwa kidogo na polepole, ili mng'ao uhame na kila dirisha lionekane wazi angalau mara moja. Baada ya hapo huchaguliwa fremu kali zisizo na ukungu wa mwendo, na ambazo duara la uso wa dira halijageuka kuwa yai. Kwani dira ikitazamwa kutoka pembeni, gurudumu lililotulia huweza kuonekana kama limegeuka nusu.

Mtego mkubwa zaidi ni kupiga kura kwa kila tarakimu peke yake. Tuseme zimechaguliwa fremu 20 za dira iliyotajwa: 8 zimesomwa 419, 9 zimesomwa 420, na 3 zimesomwa 429. Katika nafasi ya makumi, 2 hupata kura 12 dhidi ya 8. Katika nafasi ya mamoja, 9 hupata kura 11 dhidi ya 9. Mshindi anakuwa 429, jibu lililoungwa mkono na fremu 3 tu, nalo ndilo baya kuliko yote. Namba nzima zikipimwa kwanza kwa mishale, 429 huondolewa mapema: mamoja yakiwa kwenye 9 na mishale ikionyesha 0.58, makumi hayawezi kuwa yamekwisha kufika 2.

4. Athari katika ankara

Hudhaniwa kuwa kosa la mwezi huu hujisahihisha mwezi ujao. Kwa bei za ngazi dhana hiyo si kweli. Nchini Rwanda, jedwali la bei za maji ya majumbani la mwaka 2019 liliweka ngazi ya kwanza hadi mita 5 za ujazo kwa mwezi, ya pili hadi 20 na ya tatu hadi 50, huku bei ikipanda kila ngazi. Tuseme usomaji uliotangulia ni 408, wa sasa ni 419 na unaofuata ni 431. Mteja anastahili kulipia mita 11, kisha 12. Jumla yake mita 10 ziko katika ngazi ya kwanza. Ikisomwa 429, atalipia mita 21, kisha 2. Jumla ya maji inabaki mita 23, lakini zilizo katika ngazi ya kwanza ni 7 tu, na mita moja imepanda hadi ngazi ya tatu. Ziada hiyo hairudi.

5. Mipaka na mapendekezo

Video haiondoi mvuke uliojikusanya ndani ya kioo wala haifufui tarakimu zilizofutika. Katika hali hizo jibu sahihi ni "haijasomeka". Usomaji wa mwezi uliopita utumike kutilia shaka tu, usitumike kujaza tarakimu. Vinginevyo bomba linalovuja au dira iliyobadilishwa itafichwa na namba inayoonekana ya kawaida.

Wanaoweka viwango vya ununuzi wa mifumo hii wasiridhike na usahihi wa tarakimu moja moja. Usahihi wa asilimia 99 kwa tarakimu, iwapo makosa hayategemeani, huacha takribani usomaji 5 wenye kosa katika kila 100 kwa dira ya tarakimu tano. Kipimo kiwe namba nzima, na dira ambazo gurudumu la makumi liko katika mwendo zipimwe na kuripotiwa peke yake. Fremu iliyotumika, pamoja na namba ya dira, ihifadhiwe ili mteja anayepinga ankara aonyeshwe kilichosomwa.