Sema Nani Kakulipa Kabla Maharage Hayajachemka

Tuseme umepewa sufuria ya presha ya umeme uihakiki kwa video. Alama ya matangazo ya kulipia ya YouTube hukaa sekunde 10 tu, kwa hiyo andika sentensi yako ya kwanza hivi: “Sufuria hii nimepewa bure na muuzaji, na amenilipa.” Ukiificha kwenye maelezo ya chini, nani atashuka kuisoma?

Kisha linganisha: nusu kilo ya maharage ya gunia moja, yaliyolowekwa usiku kucha, huku sufuria, kule jiko la gesi. Onyesha mita ya umeme kabla na baada, na upime mtungi kwa mizani. Sufuria ikishinda, usifiche kasoro yake: chapati haipiki.